Anza na redio, siyo runinga: taarifa ya habari darasani

Mara ya kwanza nilipojaribu taarifa ya habari na Darasa la Tano, niliharibu mwenyewe. Nilitengeneza "runinga" kwa boksi kubwa la katoni, nikalikata dirisha, nikamwambia msomaji aingize kichwa na atazame darasa. Binti aliyechaguliwa alikuwa hodari wa kusoma kuliko wote. Aliingiza kichwa, akaona macho ya wenzake 61, akasema "Hamjambo," kisha akanyamaza mpaka nikamtoa. Wengine walicheka. Wiki iliyofuata hakuna aliyetaka kukaribia lile boksi.

Nilichobadilisha ni kitu kimoja. Nilifunga kanga kwenye kamba, upande mmoja kwenye nondo ya dirisha na upande wa pili kwenye msumari wa ubao, watangazaji wakakaa nyuma yake. Ikawa redio. Mtoto anayeogopa kuzungumza mara nyingi haogopi maneno, anaogopa kutazamwa. Ukimwondolea macho ya watu, sauti inatoka. Faida ya pili sikuitarajia: wanaosikiliza nao hawana cha kutazama, hivyo hawana budi kutega masikio. Kwenye boksi walikuwa wanaangalia sura na kuchekana, na ukiwauliza habari ilihusu nini hakuna anayejua.

Darasa langu lina wanafunzi 62. Nimewagawa makundi 10, ya watu sita, mawili yana saba. Ijumaa kipindi cha mwisho wanaingia hewani makundi mawili, dakika tatu kila moja, kwa hiyo baada ya wiki tano kila kundi limeingia hewani. Kundi lina msomaji, maripota wawili, shuhuda, mhariri na mtunza muda. Kipaza sauti ni gunzi la muhindi. Ngoma ya kufungulia habari inapigwa kwenye dawati, na hapo nakuomba uweke idadi ya mapigo, la sivyo dakika zote tatu zitaishia kwenye ngoma.

Habari ziwe za shuleni kwenu, za wiki hiyo hiyo. Watoto wakiachiwa watakuletea habari za marais na mpira wa Ulaya walizosikia nyumbani, na watazikariri kwa sauti ya mtu mwingine. Habari nzuri kuliko zote tulizowahi kurusha ilihusu uji. Jumanne moja uji ulichelewa, na shule nzima ilikuwa na maelezo yake: unga umeisha, mpishi anaumwa, sufuria imetoboka. Nikawaambia kundi la zamu, nendeni mkaulize.

Ripota alirudi na hadithi. Namaanisha hadithi kweli: "Basi mama mpishi akaja, akawasha moto, moto ukakataa, akapuliza, akatoka machozi…" Hapa ndipo penye kazi kubwa ya lugha, na wengi tunapita bila kupaona. Mtoto wa miaka kumi amelelewa na ngano, na ngano zinatembea kwa "-ka-". Taarifa ya habari haitembei hivyo. Muhtasari hupenda "-me-", kwa sababu jambo ni jipya na athari yake bado ipo: "Uji umechelewa kwa dakika 40." Ukiingia kwenye habari kwa kirefu unahamia "-li-": "Mpishi alisema kuni zilinyeshewa usiku." Sikuwapa somo la nyakati. Niliandika sentensi mbili ubaoni, moja ya ngano na moja ya habari, nikawauliza ipi wameisikia redioni. Walijua mara moja. Tangu siku hiyo kazi ya mhariri ni kukamata "-ka-" kabla ya kuingia hewani, na wanaikamata kwa furaha ya askari wa usalama barabarani.

Jambo jingine ni karatasi. Ukiwaruhusu waandike habari nzima, watasoma kwa ile sauti ya kuimba ya kusoma darasani, bila pumzi, mpaka mwisho wa ukurasa. Ukiwanyima karatasi kabisa, watakwama. Sisi tunatumia kipande chenye maneno matano tu. Cha habari ya uji kilikuwa hivi: uji, Jumanne, dakika 40, kuni mbichi, turubai. Hilo la mwisho ni kwa sababu mwalimu wa zamu aliahidi turubai la kufunikia kuni. Kwa maneno matano mtoto analazimika kuunda sentensi zake, na akisahau ana pa kushika.

Mahojiano nayo yana mtego wake. Ripota wetu, akiigiza na mwenzake aliyekuwa "mama mpishi", alianza moja kwa moja: "Kwa nini uji umechelewa?" Darasa zima likaguna. Hakuamkia! Ikabidi tusimame na kujadili kama shikamoo inapigwa hewani au kabla. Walikubaliana wenyewe ipigwe hewani, fupi, kisha swali. Nami sikuongeza neno.

Sasa upande wa wasikilizaji, maana bila wao hii ni michezo ya kuigiza tu. Kabla ya ngoma naandika ubaoni maswali matatu: nani, kwa muda gani, kwa sababu gani. Taarifa ikiisha, kila mtu anaandika majibu bila kumuuliza jirani. Siku ya uji, swali la nani na la muda walipata wengi. La sababu karibu nusu ya darasa waliandika "kuni" bila "mbichi". Nikamrudisha ripota nyuma ya kanga aiseme tena, na tukasikia tatizo wote: sauti yake ilikuwa inazama mwishoni mwa sentensi, na neno muhimu lilikuwa limekaa huko huko. Aliirudia, safari hii akatua kidogo kabla ya "mbichi". Hapo hukosoi mtoto mbele ya watu. Majibu ya wenzake yenyewe yamemwonyesha.

Makosa ya matamshi, kama "r" na "l" kubadilishana, usiyasahihishe hewani. Andika pembeni, mwite baadaye. Ukimkatiza mara moja tu, wiki zote tano zitakuwa zimepotea kwake.

Na kuna sheria moja tuliyoipata kwa uchungu. Kundi fulani lilitangaza jina la mwanafunzi aliyejikojolea mstarini. Nilikuwa sijasoma vipande vyao. Mtoto yule hakuja shule siku mbili, nikaenda kwao kuomba radhi. Sasa mhariri ananiletea vipande vyote Alhamisi, na hatutaji jina la mtu aliyeadhibiwa, aliyeugua wala aliyeaibika. Jina la mshindi linatajwa hata mara tatu.

Kanga ina ubaya wake pia: wapo wanaoizoea na hawataki kutoka. Nilichofanya ni kuishusha kidogo kidogo. Mzunguko wa pili iliwafika kifuani, nyuso zikaonekana. Mzunguko wa tatu niliwaachia kila kundi liamue. Yule binti wa boksi aliomba ibaki juu. Katikati ya habari ya netiboli akahitaji kuonyesha jinsi bao la mwisho lilivyofungwa, mikono yote miwili ikatokea juu ya kanga ikiwa na gunzi, halafu na kichwa.