Kifurushi cha dobi: uza mfuko na siku, usiuze "fua uwezavyo"

Swali: "Niko Roysambu, nina mashine moja ya kilo 8, natoza 100 kwa kilo. Mwisho wa mwezi nguo zinafurika, katikati ya mwezi nakaa tu. Nataka kuanzisha kifurushi cha mwezi cha 'fua uwezavyo' kwa 2,500. Nipange aje nisiumie?"

Ndugu, hilo neno "uwezavyo" litoe kabla hujachapisha bango. Anayelinunua kwa furaha ni yule mwenye watoto watatu na mapazia, na atakuletea kilo 50. Mwenye kilo 15 atapiga hesabu, aone heri alipe kwa kilo. Utabaki na wa kwanza peke yake.

Anza na mashine kabla ya bei. Kilo 8 iliyoandikwa mlangoni ni ya nguo kavu za pamba zikiwa zimejaa pomoni. Kazini weka 6, tena ukitaka zitakate vizuri uwe chini kidogo. Mzunguko mmoja, pamoja na kutoa na kupakia, unakula kama saa moja na nusu, kwa hivyo siku ya kawaida unapata mizigo 5. Wengi wakifika hapa wanazidisha 5 kwa 6, wanapata kilo 30, kisha wanauza kilo 30 kwa siku. Kosa ni kwamba mfuko wa kilo 6 wa mteja si mzigo mmoja. Ndani mna nyeupe, pengine kilo moja na nusu, na huwezi kuzitupa pamoja na jinzi mpya ya buluu.

Njia inayofanya kazi ni hii: nguo za rangi za kila mteja zinaingia peke yake, na nyeupe za wateja wote wa siku hiyo zinafuliwa pamoja. Nunua mifuko ya wavu yenye zipu, kila mmoja uandikwe namba ya mteja kwa kalamu ya wino usiotoka, na nyeupe za kila mtu ziingie kwenye wavu wake. Usiujaze wavu, uache nusu wazi, la sivyo nguo za katikati zitatoka na sabuni. Shuka nyeupe hazitoshi humo, kwa hivyo zifunge kitambaa chenye namba kwa pini kwenye pembe. Soksi ndizo zinazoleta ugomvi, kwa hiyo soksi zote ziingie wavuni hata kama ni nyeusi. Hizo nyeusi ziwe kwenye wavu tofauti, zifuliwe na rangi.

Kwa mpango huo wateja 3 kwa siku ni mizigo mitatu ya rangi na mmoja wa nyeupe, jumla 4. Wa tano unabaki kwa wateja wa kupita, au kwa saa ambazo stima imepotea. Jumatatu hadi Ijumaa hao ni wateja 15, na Jumamosi yote iache wazi. Hata kama watu 25 wanataka, chukua 15.

Sasa kifurushi chenyewe. Uza mifuko minne ya kilo 6, kila mteja na siku yake ya wiki isiyobadilika. Usiseme "mwezi", sema "mifuko minne". Mwaka una wiki 52, na ukiuza miezi 12 ya mifuko minne utalipwa wiki 48; hizo nne nyingine utazifua bure, maana mwezi wenye Jumatatu tano mteja hawezi kuelewa kwa nini ya tano hujaja. Mifuko minne ikiisha, analipa minne mingine.

Kilo 6 ni nini? Shuka jozi moja na foronya zake, taulo moja, jinzi mbili, fulana na mashati kama kumi, na nguo za ndani za wiki. Inamtosha mtu mmoja, na wawili wakijibana. Mwonyeshe kwa mizani ya kuning'iniza, mlangoni pake, nguo zikiwa kavu, kisha utume picha ya namba ya mizani kwenye WhatsApp papo hapo. Taulo mbichi ikiingia mfukoni itakula kilo nzima na lawama itakuwa yako. Ikizidi 6, kila kilo ya ziada ni 120. Asipojaza, zilizobaki hazihamii wiki ijayo. Ukiruhusu zihame, atakuletea kilo 3, 3, 3, halafu 15 tarehe 28, na umerudi palepale ulipokuwa. Duveti, blanketi, mapazia na viatu viwe na bei zake nje ya kifurushi.

Pasi ndiyo inayoua vifurushi kimyakimya. Shati linachukua kama dakika 6, na mfuko wa vipande 25 ni saa mbili na nusu za kusimama. Kwa hivyo bei iwe ya kufua na kukunja, pamoja na pasi ya vipande 5 kwa wiki. Wateja 3 ni vipande 15, saa moja na nusu, inabebeka. Zaidi ya hapo hesabu kwa kipande.

Bei: kilo 24 kwa 100 ni 2,400. Usipunguze hapo, ongeza kuchukua na kurudisha, useme 2,600. Lakini tazama boda. Tuseme safari moja ni 150, na kila wiki kuna ya kuchukua na ya kurudisha. Mteja akiwa peke yake upande wake, hiyo ni 1,200 kwa mifuko minne, karibu nusu ya pesa yake. Watatu wakiwa ploti moja au ploti jirani, kila mmoja anakula 400. Kwa hiyo uza ploti kwa ploti: Jumatatu ya jengo hili, Jumanne ya lile. Ongea na keateka kwanza, mfuko mmoja wa bure kwa kila wateja watatu anaokuletea si gharama kubwa. Mteja mzuri wa Zimmerman asiye na jirani anayelipa, mwambie alete mwenyewe.

Ukitumia sabuni, maji na stima za 90 kwa mzigo (weka zako), mteja mmoja anakula mizigo kama 5 na theluthi, yaani 480. Ongeza boda 400. Kwenye 2,600 inabaki 1,720, na kwa wateja 15 ni 25,800 ya kodi, mkono wako na fundi wa mashine.

Malipo ni kabla ya mfuko wa kwanza kutoka kwake. Usipange tarehe 5, hapo unapigania pesa na landilodi. Malipo ya kwanza yapange siku mshahara unapoingia. Anayekubali aweke M-PESA Ratiba, ile ya malipo kujirudia yenyewe, iende kwenye till yako, ila hakiki kila mara kwamba imepita, kwa sababu akaunti ikiwa tupu haipiti.

Kabla ya kuuza nafasi zote 15, pima kamba ya kuanikia. Vipande 75 vya siku, kila kimoja sentimita 40, ni mita 30. Juani zinakauka siku hiyo hiyo. Mwezi wa saba, au mvua za Aprili na Novemba, zinakaa siku mbili, kwa hivyo unahitaji mita 60 chini ya paa. Kama una 40, wewe ni wa wateja 10, hata mashine iseme nini. Dalili kwamba umepitisha ni nguo kurudi zikinuka uvundo kwenye mishono ya jinzi na kwapa za sweta, na mteja wa hivyo hakuambii, anaacha tu kulipa mfuko wa tano.