Ujumbe kwa mzazi ambaye mtoto wake anapiga wenzake: ninavyouandika

*"Nina mwanafunzi wa darasa la pili anapiga wenzake karibu kila siku. Nataka kumtumia mzazi wake ujumbe mfupi lakini naogopa atadhani namlaumu yeye. Niandikeje?"*

Mwalimu mwenzangu, ujumbe wangu wa kwanza wa aina hii nauona mpaka leo. Niliandika hivi: "Mtoto wako ni mkorofi, anapiga wenzake kila siku. Fika shuleni kesho bila kukosa." Kesho yake mzazi hakuja. Mtoto alikuja, ana alama za mkanda mapajani, akawa anakalia upande mmoja wa dawati. Kabla ya saa nne alikuwa ameshampiga msichana aliyekuwa mbele yake. Kipigo alichokipata kwa sababu ya maneno yangu alikihamishia kwa mwingine. Tangu siku hiyo, kabla sijatuma, najiuliza jioni ya leo nyumbani kwa mtoto huyu itakuwaje.

Ule ujumbe ulikuwa pia na uongo ndani yake. "Kila siku" sikuwa nimeihesabu. Nilikuwa nimechoka tu, na mwalimu aliyechoka huona kila siku. Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kuandika, nachukua daftari dogo na kwa siku kumi za masomo naandika kila tukio: saa ngapi, wapi, nani alikuwa karibu, na nini kilitokea dakika moja kabla. Hiyo dakika moja kabla ndiyo yenye habari.

Nikupe mfano wa kijana mmoja niliyekuwa naye. Siku kumi zilipoisha daftari lilikuwa na matukio saba. Matano yalitokea kwenye foleni ya uji na mawili bombani. Ndani ya darasa, sifuri. Na karibu mara zote, kabla hajapiga, kuna mtu alikuwa amemgusa au kumvuta shati kutoka nyuma. Mpaka hapo nilikuwa nikimwita mgomvi, lakini mgomvi gani anagombana foleni tu?

Ndipo nikamwandikia mama yake:

"Habari za mchana, mama. Ni mwalimu wa darasa la pili. Jana kijana wetu alinisaidia kugawa madaftari, akaifanya kazi vizuri. Kuna jambo nahitaji tusaidiane: wiki hizi mbili amepiga wenzake mara 7, mara 5 kwenye foleni ya uji. Nimemsogeza mbele ya foleni, awe karibu nami. Wewe unamjua kuliko mimi, kuna kitu umekiona nyumbani? Nakuomba asichapwe kwa ujumbe huu. Nikupigie kesho saa 8 mchana, au saa ngapi inakufaa?"

Kwa meseji ya kawaida hiyo inaenda kwa vipande vitatu, na kwenye kitochi bado inasomeka. Ikizidi hapo mzazi anasoma mwanzo na mwisho tu.

Angalia neno "wetu". Nikiandika "mwanao" nimeshamsukumia mzigo wote kabla hajafika sentensi ya pili. Lile jambo zuri nalo lazima liwe la kweli na la juzi juzi, kwa sababu "mtoto wako ni mzuri, lakini" mzazi anaisikia "lakini" peke yake. Jina la aliyepigwa siliandiki kamwe. Wanaishi mtaa mmoja, na ukilitaja utazua ugomvi wa akina mama kisimani. Pia kumbuka kwamba wapo wazazi wasiosoma. Ujumbe wako atasomewa na jirani au na dada mkubwa wa mtoto, kwa hiyo usiandike kitu ambacho hutaki mtaa ukisikie.

Kwamba nimeshamsogeza foleni ni lazima liwemo, tena kabla ya swali. Mzazi akiona mwalimu ameanza kufanya sehemu yake, hapati hisia kwamba ameachiwa mtoto. Na swali ninalouliza ni la kweli, silitumii kama adabu. Kama jibu lake haliwezi kubadilisha chochote utakachofanya kesho, usiulize, maana wazazi wanalijua swali la kujikosha.

Ombi la asichapwe kuna walimu wenzangu wanaliona ni kumwingilia mzazi nyumbani kwake. Mimi siliondoi. Kwetu Tanzania mzazi akipata habari kutoka shule, kitu cha kwanza kinachomjia ni fimbo, siyo kwa ubaya, bali ndivyo anavyoonyesha kwamba amelichukulia uzito. Ukimwambia mapema kwamba uzito huo unaweza kuonekana kwa njia nyingine, anakuwa na cha kushika. Kwa sababu hiyo hiyo natuma mchana, saa saba hivi, siyo usiku mtu amerudi kazini amechoka, wala Ijumaa jioni, akalala na jambo hilo siku mbili bila kuzungumza nami.

Mama yule hakujibu kwa maandishi. Alipiga mwenyewe kesho yake. Akaniambia sikio la kulia la mtoto linatoa usaha tangu masika, likikauka wiki moja linaanza tena, na nyumbani akiitwa mara nyingine haitiki, wao wakidhani ni jeuri. Hapo daftari langu likaeleweka. Foleni ina kelele. Wenzake wanamwambia "songa", hasikii, wanamvuta, naye anageuka na ngumi kwa sababu kwake ule mkono umetokea ghafla. Mama alimpeleka zahanati. Mimi nilimkalisha darasani sikio zima likinielekea, na darasa zima nikalifundisha kwamba mtu ukimtaka unamwendea kwa mbele. Wiki mbili zilizofuata daftari lilikuwa na matukio mawili, yote siku moja, siku ambayo sikuwepo.

Siyo kila mara utapata sikio. Kuna mzazi alinijibu, "Mwalimu unamwonea mwanangu, wenzake ndio wanaomchokoza." Vidole viliniwasha kujibu. Nikaandika tu: "Nashukuru umenijibu. Inawezekana kuna uchokozi sijauona. Njoo siku yoyote tuangalie daftari pamoja." Alikuja baada ya siku nne, tukaangalia, na kwenye matukio mawili alikuwa na haki kabisa. Kama ningebishana naye kwa simu nisingeyajua hayo mawili.

Mzazi wa mtoto aliyepigwa naye anastahili ujumbe wake, peke yake: mtoto wake amepigwa, hali yake ikoje, na umefanya nini asipigwe tena. Akidai jina la aliyepiga, mwambie hilo unalishughulikia na familia ya mtoto huyo. Kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa usilitumie hata kwa mafumbo, maana fumbo litafumbuliwa ndani ya dakika tano.

Kuna hali mbili ambazo ujumbe mfupi haufai. Mtoto akimjeruhi mwenzake, yaani damu, jino, jicho, au kapigwa kichwani, nenda kwa mwalimu mkuu na wazazi wapigiwe simu saa hiyo hiyo. Na ukiona alama za kipigo kwenye mwili wa huyo anayepiga, kama zile za mapajani nilizoziona mimi, usimwandikie mzazi chochote kwanza. Mpeleke kwa mwalimu mkuu, na ofisi ya ustawi wa jamii ihusishwe. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mimi siku ile sikufanya hivyo. Nilimwambia akae vizuri.