Fomu ya kazi ya Kikorea: picha, umri na kazi ya baba

"Mimi ni mhandisi wa umeme, nipo Dar. Kampuni ya Korea Kusini imenitumia fomu yao badala ya kupokea CV yangu. Wanataka picha, umri, jeshi, hadi kazi za wazazi. Nijaze yote?"

Hapana kaka, usijaze yote. Ila picha weka. Kule kisanduku chake kipo pembeni juu ya fomu, kwa kawaida sentimita 3 kwa 4. Wengi huchukua ya pasipoti, 3.5 kwa 4.5, wakaibana ikae, uso ukatoka mwembamba kama umeugua. Ikate kingo, usiibane. Piga studio, koti, nyuma peupe. Ile ya harusini uliyomkata shemeji begani iache kwenye simu.

Kazi za wazazi ndiyo habari nyingine. Tangu tarehe 17 Julai 2019, sheria yao ya ajira inamkataza mwajiri mwenye wafanyakazi 30 au zaidi kudai kimo, uzito, mkoa wa asili, ndoa, mali, au elimu na kazi za wazazi na ndugu, kama havihusiani na kazi yenyewe. Faini inafika won milioni 5. Picha haimo kwenye orodha hiyo, ndiyo maana bado inaombwa. Mara nyingi fomu ya namna hiyo ni ya zamani tu, mtu wa ofisini kainakili bila kuisoma. Acha wazi visanduku vya familia. Kampuni ikiwa ndogo chini ya watu 30, katazo hilo haliihusu. Hata hivyo mimi ningeacha wazi, wakihitaji watauliza.

Kisanduku cha jeshi ni cha wanaume wa Kikorea, ambao utumishi wa jeshi kwao ni lazima. Wewe andika hivi:

```
해당 없음
```

Maana yake hakikuhusu. Kikiachwa tupu kinaonekana umekisahau.

Kwenye umri, andika tarehe kamili ukianza na mwaka: 1991.11.20. Zamani Mkorea alizaliwa ana mwaka mmoja, akaongeza mwingine kila Januari mosi, hivyo mtoto wa tarehe hiyo kufika 2 Januari 1992 alihesabiwa miaka miwili, na bado ananyonya. Tangu 28 Juni 2023 sheria yao inahesabu kama sisi. Ukiona 만 kabla ya nafasi ya umri, ni hesabu hiyo yetu.

Ukiomba taasisi ya umma, mambo yanageuka: tangu 2017 nyingi zinaajiri bila picha wala umri, na hata jina la chuo ukilitaja kwenye maelezo yako binafsi linaweza kukuponza.

Dini, ambayo sisi tumezoea kuiandika, usiiandike. Majina yako matatu yaandike kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, maana ukipata kazi karatasi za viza ya E-7, ile ya wataalamu wa kigeni, zitalinganishwa nayo.