Siku 106 au 107? Kuhesabu riba ya ucheleweshaji

Mwaka 2024 barua yangu ya kudai riba ilirudi ikiwa na duara la wino kwenye namba moja: 107. Pembeni mhasibu wa mdaiwa alikuwa ameandika 106, basi. Alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimehesabu mara tatu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani. Nyie mnaoanza kazi ya kufuatilia madeni, anzieni hapo nilipoteleza.

Ankara ilikuwa ya shilingi 12,000,000, siku ya mwisho kulipa 30 Novemba 2023. Fedha ziliingia 15 Machi 2024. Mkataba ulitoza riba ya asilimia 18 kwa mwaka, isiyozaa riba nyingine.

Tarehe 30 Novemba bado ni siku ya mdaiwa. Akilipa jioni ya siku hiyo hajachelewa, kwa hiyo siku ya kwanza ya ucheleweshaji ni 1 Desemba. Siku fedha zinapoingia inahesabiwa. Basi Desemba ina 31, Januari 31, Februari 29 kwa kuwa 2024 ni mwaka mrefu, na Machi 15. Jumla 106. Mimi nilikuwa nimeigusa 30 Novemba kwa kidole nikasema "moja", na ndivyo 107 ilivyozaliwa. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, Sura ya 1, kifungu cha 60, nayo inaiacha nje siku ambayo muda unaanza kuhesabiwa kutoka kwake.

Kwenye Excel toa tarehe moja kutoka nyingine. Utoaji wenyewe unaacha ncha moja na kuchukua nyingine, kwa hiyo usiongeze moja:

```
=B2-A2
```

A2 ni siku ya mwisho kulipa, B2 ni siku ya malipo. Februari 29 inahesabiwa yenyewe. Ukipata jibu la ajabu, angalia kama kompyuta imesoma mwezi mahali pa siku. 3/12 na 12/3 zimenitoa jasho zaidi ya mara moja.

Malipo ya sehemu ndiyo yanayoharibu hesabu nyingi. Tuseme mdaiwa alipunguza deni 10 Januari. Kutoka 30 Novemba hadi 10 Januari ni siku 41 kwa deni lote. Kutoka 10 Januari hadi 15 Machi ni siku 65 kwa salio. Ukijumlisha unapata 106. Ukipata 107, umeihesabu 10 Januari mara mbili. Mimi siiachi karatasi yangu kabla vipande havijarudi kwenye jumla ya safari nzima.

Sasa mwaka mrefu. Watu hudhani kazi yake ni kuongeza siku moja ya Februari tu, lakini swali la pili ni unagawa kwa ngapi. Riba ya mwaka mzima hapa ni 2,160,000. Mkataba ukisema mwaka wa siku 365, siku zote 106 zinagawiwa kwa 365 na riba ni 627,287.67. Kwa mkataba wa namna hiyo, mdaiwa aliyechelewa mwaka 2024 wote analipa siku 366 juu ya 365, yaani zaidi kidogo ya asilimia 18.

Mkataba ukisema idadi halisi ya siku za mwaka husika, unaikata hesabu kwenye 31 Desemba. Siku 31 za 2023 unazigawa kwa 365, upate 183,452.05. Siku 75 za 2024 unazigawa kwa 366, upate 442,622.95. Jumla ni 626,075. Tofauti na hesabu ya kwanza ni shilingi elfu moja na mia mbili hivi, ndogo kwa ankara hii, ila zidisha kwa deni la bilioni. Unapokata, tumia 31 Desemba kama mwisho wa kipande cha kwanza na pia mwanzo wa cha pili. Ukianza cha pili na 1 Januari, utoaji utakupa 74 na siku moja itapotea katikati.

Mikataba mingine, hasa ya mikopo, hugawa kwa 360. Kwa siku zilezile 106 ingekuwa 636,000. Ndiyo maana kabla ya kufungua Excel mimi hutafuta kwanza maneno "siku 360", "siku 365" au "siku halisi" kwenye mkataba, na kwenye barua naandika hesabu yote hivi: "Kuanzia 1 Desemba 2023 hadi 15 Machi 2024, siku zote mbili zikihesabiwa, siku 106, mwaka wa siku 365." Tangu nianze kuandika hivyo, wahasibu wa wadaiwa hubishana nami kuhusu asilimia, siyo kuhusu siku.