Promosheni na gari mpya: mbona raha imeisha mapema hivi?

Swali: Dokta habari za kazi. Mwaka jana nilipandishwa cheo, mshahara ukatoka 1.2m ukaenda 1.9m na nikachukua na IST. Mwanzoni nilikuwa naamka nacheka mwenyewe, ila saivi nikipanda gari sisikii chochote na mshahara ukiingia naona ni ule ule tu. Wife anasema mimi sina shukrani. Je ubongo wangu una tatizo? Na nikiuza hii nikaongezea hela nikachukua Harrier hii hali itaisha?

Jibu:

Salama kaka. Nianze na ubongo maana ndo unaokutisha. Jiulize hivi, ile raha imepungua kwenye gari na mshahara tu au imepungua kwenye kila kitu? Kama mpira bado unaangalia unapiga kelele, mtoto akikuchekesha unacheka, pilau ya Ijumaa bado inapanda, basi hapo hamna ugonjwa, umezoea tu. Ila kama kila kitu kimekuwa cha mchanga, yani hata vile ulivyokuwa unavipenda kabla ya cheo, na hiyo hali imekukaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na usingizi umeharibika, nguvu hamna, basi hiyo ni habari nyingine kabisa, inaweza kuwa sonona, nenda hospitali ukaonane na mtu wa afya ya akili na usisubiri Harrier ikutibu. Kwa maelezo yako mimi nakuona upo kwenye kundi la kwanza, kwahiyo naendelea na hilo.

Kuna mtafiti anaitwa Wolfram Schultz, alikuwa Chuo Kikuu cha Fribourg huko Uswisi, yeye na wenzake walikuwa wanapima moja moja seli za ubongo wa nyani zinazotoa dopamini, yani kemikali ya ubongo inayohusika na zawadi. Nyani anapewa tone la juisi, seli zinalipuka, yani zinatuma ishara nyingi kwa mpigo. Wakaanza kuwasha taa kabla ya juisi, na nyani akishaelewa kwamba taa ikiwaka juisi inakuja, zile seli zinahamia kulipuka kwenye taa, na juisi yenyewe ikifika, juisi ile ile utamu ule ule, seli zinakaa kimya. Halafu siku taa ikawaka juisi isije, muda ule ule ambao ilitakiwa ifike seli zinashuka chini ya kawaida yake. Yani zile seli hazipimi utamu, zinapima tofauti kati ya ulichotegemea na ulichopata, na ukishategemea vizuri tofauti inakuwa sifuri.

Sasa chukua mshahara wako. Mwezi wa kwanza meseji ya benki inaingia 1.9 na kichwa chako bado kinategemea 1.2, hiyo laki saba yote ni mshangao. Mwezi wa sita kichwa kinategemea 1.9 na inaingia 1.9, hamna mshangao, kimya. Ila sasa ichelewe siku mbili uone, mwili mzima unajua! Hapo ndo unaelewa kwamba ile hela haijaacha kuwa na thamani kwako, imehama tu kutoka kwenye zawadi ikawa kitu cha lazima. Nisikudanganye lakini, majaribio ya nyani ni ya sekunde, maisha yako ni ya miezi, kwahiyo dopamini peke yake haimalizi hii habari.

Sehemu iliyobaki wameieleza vizuri Kennon Sheldon na Sonja Lyubomirsky, wanasema raha ya badiliko jipya inaisha kwa kupitia njia mbili. Ya kwanza ni kwamba matukio yanakauka. Gari mpya mwanzoni sio gari tu, ni msururu wa matukio, siku ya kuipokea bandarini, majirani wanakuja kuichungulia, umempeleka mama kijijini, umeenda ukweni watu wamekaa mbele wamekaa nyuma, washkaji wanakupongeza. Kila tukio linakupa raha yake. Baada ya miezi mitano hamna anayekuja kuichungulia, hamna safari ya kwanza ya kwenda popote, imebaki nyumbani kazini kazini nyumbani. Gari haijabadilika hata skrubu moja ila yale matukio yaliyokuwa yanaleta furaha yameisha.

Njia ya pili ndo inayokumaliza wewe, matarajio yamepanda. Ulivyokuwa na 1.2 ulikuwa unajilinganisha na watu wa meza ya jirani, wote mnagombania daladala. Ulivyopanda cheo umehamia kwenye vikao vingine, na kwenye vikao hivyo nahisi kuna mtu ana Harrier, ndo maana hujaniuliza kuhusu pikipiki wala kiwanja, umeniuliza Harrier. Yani hata swali lako limeandikwa na matarajio yako mapya.

Kuna utafiti wa Ujerumani wa Rafael Di Tella na wenzake, walifuatilia watu kuanzia 1984 mpaka 2000, wakatenganisha mtu kuongezeka kipato na mtu kupanda hadhi ya kazi. Sehemu kubwa ya furaha ya kipato ilikuwa imeyeyuka ndani ya miaka minne, ila ile ya hadhi haikuonyesha kuyeyuka hivo. Naileta hii kwasababu wewe umechanganya cheo na mshahara kwenye kapu moja, na inawezekana kabisa kwamba ukikaa ukaviangalia kimoja kimoja utakuta kazi yenyewe bado unaipenda, kwamba unaamua vitu, watu wanakuuliza, na kilichopoa ni zile namba tu.

Kuhusu wife na shukrani, mwambie hivi taratibu bila kugombana. Amerika ya Kilatini kuna shirika linaitwa TECHO linajengea watu maskini kabisa vijumba vya mbao, watu ambao walikuwa wanalala kwenye vibanda vya makaratasi na sakafu ya udongo. Wachumi Sebastian Galiani, Paul Gertler na Raimundo Undurraga wakapima kuridhika kwa hao watu El Salvador, Meksiko na Uruguay. Mwanzoni kuridhika kulipanda sana, kisha miezi kama nane mbele karibu asilimia 60 ya lile ongezeko ilikuwa imeshapotea. Kijumba bado kipo, mvua haiingii kama zamani. Kama mtu aliyetoka kwenye sakafu ya udongo anazoea, mtu wa IST atashindwaje, kwahiyo hapa tabia yako haihusiki sana, ni jinsi binadamu alivyo. Na angalia, ni asilimia 60, sio 100, kuna kilichobaki. Wale wanaokuambia kila mtu anarudi pale pale alipoanzia wanazidisha chumvi.

Sasa twende kwenye Harrier. Norbert Schwarz, Jing Xu na Daniel Kahneman (huyu wa mwisho alipata Nobeli ya uchumi ya 2002) walifanya kitu kizuri Chuo Kikuu cha Michigan. Walivyowauliza wenye magari kwamba kwa kawaida unajisikiaje ukiendesha gari lako, wenye magari ya bei kali walisema wanajisikia vizuri zaidi. Ila walivyowauliza mara ya mwisho ulivyoendesha ulijisikiaje, bei ya gari haikuhusiana na chochote. Sababu ni kwamba ukiulizwa kuhusu gari unaliwaza gari, ila ukiwa barabarani unawaza foleni, kikao cha saa mbili, ada ya mtoto. Kuna hali moja tu ambapo gari zuri lilileta tofauti, pale mtu alipoendesha kwa ajili ya kufurahia kuendesha tu, maana hapo macho na akili vipo kwenye gari.

Kwahiyo wewe saivi ukiiwaza Harrier unajibu swali la kwanza. Utakayoiishi ni ya swali la pili, upo Ubungo saa kumi na mbili asubuhi umesimama, na ukiwa umesimama Harrier na IST zinasimama sawa. Na injini ya IST nyingi ni ya 1.3 au 1.5, Harrier nyingi hapa mjini ni 2.4, kwahiyo raha itazoeleka ila mafuta, na makato ya mkopo kama utakopa, yatakukumbusha kila mara. Mimi na uzoefu wangu wa kukaa na watu ofisini, deni halizoeleki kama siti za ngozi zinavyozoeleka.

Ukitaka hela yako ifanye kazi, itoe kwenye kuongeza vizuri ipeleke kwenye kuondoa vibaya ambavyo mwili hauvizoei. Kelele ni mfano mzuri, watu wanaoishi karibu na barabara kubwa wamepimwa wakakutwa wameendelea kukereka vile vile miezi mingi baada ya barabara kufunguliwa. Foleni nayo ngumu kuizoea kwasababu kila siku inakuja na sura yake, leo dakika arobaini kesho masaa mawili. Kama ile laki saba inaweza kukusogeza karibu na kazi au kumaliza mkopo unaokukata, hiyo raha utaihisi kwa muda mrefu kuliko gari.

Na IST yenyewe unaweza kuifufua kidogo. Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn mwaka 2013 walichapisha jaribio la chokoleti, kundi moja wakaambiwa wasiile wiki nzima, lingine wakapewa nyingi wale wanavyotaka, lingine wakaachwa bila maelekezo. Wiki ilivyoisha wote wakapewa kipande, waliokaa bila ndo walioifurahia zaidi. Kwako wewe, iache nyumbani siku mbili tatu kwa wiki upande mwendokasi, halafu Jumapili mchukue mkeo mwende Bagamoyo bila ishu yoyote, vioo chini, mnaendesha ili kuendesha. Usiifanye kila Jumapili lakini, ikishakuwa ratiba nayo inazoeleka.

Kama familia imekua hamuenei, au unaenda shamba njia mbovu IST inagonga chini kila safari, hapo nunua Harrier wala usijiulize mara mbili, maana hizo ni kero na zitaondoka kweli. Kama ni ile raha ya miezi miwili unaitafuta tena, utaipata, kwa hiyo hiyo miezi miwili, na safari hii kichwa kitakuwa kimeshazoea Harrier na kwenye kikao kuna mtu kaja na Prado.