Sera ilikataza "kitu chenye thamani", dereva akasikia kitu kidogo kinaruhusiwa

Mara ya kwanza nilipotafsiri sera ya kuzuia rushwa na kulinda watoa taarifa, kila kitu kilikwenda sawa. Mwenzangu aliirudisha kwa Kiingereza bila kuiona ya awali, mwanasheria akalinganisha nakala mbili, akaridhika. Kisha nikaombwa nikae na madereva na watu wa ghala niwasomee. Hapo ndipo niliposhikwa.

Kifungu kikuu kilikataza kutoa au kupokea "kitu chochote chenye thamani". Nikawapa mfano: mkaguzi anakwambia mzigo utalala hapa hadi kesho, ila ukimtumia vocha ya simu utatoka sasa hivi. Je, hilo ni la kuripoti? Dereva mmoja akajibu bila kusita: "Hapana. Umesema chenye thamani. Vocha ni kitu kidogo tu." Wenzake wakaafiki.

Alikuwa amesoma Kiswahili sawasawa. Kwetu kitu chenye thamani ni dhahabu, gari, kiwanja. Kiingereza kilikusudia chochote ambacho mpokeaji anakitamani, hata kama bei yake haifiki popote. Na kwa vile rushwa yenyewe tunaiita kitu kidogo, tafsiri yangu ilikuwa kama imeiruhusu kwa jina lake. Ile tafsiri ya kurudisha isingeweza kunasa kosa hili, kwa sababu mtu aliyezoea Kiingereza cha mikataba akiona "chenye thamani" hurudi moja kwa moja kwenye maneno ya asili. Nakala mbili zilifanana kabisa, na msomaji akapotea.

Siku hizi naandika hivi: "Usitoe, usiahidi, usiombe wala usipokee chochote, kiwe kikubwa au kidogo, ili mtu atumie kazi yake kukupendelea. Hata vocha, hata ajira kwa ndugu yake." Vitenzi vinne ni vya makusudi. Nilipoandika "kutoa au kupokea" tu, watu walielewa kwamba ukikataa, basi hakuna kilichotokea. Kumbe kuomba peke yake ni kosa, na ni la kuripoti. Kwa hiyo nikaongeza: "Ukiombwa ukakataa, bado ripoti."

Neno la pili lililonitesa ni yale "malipo ya kurahisisha". Kurahisisha kwetu ni sifa. Nani atakataa kurahisishiwa? Wengine walidhani ni ile ada halali ya huduma ya haraka. Nikaacha jina, nikaeleza tofauti: ada iliyotangazwa, unayoilipa ofisi na kupewa risiti, ni halali, fedha anayopewa mtumishi mkononi ili afanye kazi ambayo tayari ni wajibu wake, ni rushwa. Ila kabla ya kuandika hivyo, uliza sera inafuata sheria ipi. Sheria ya Rushwa ya Uingereza ya mwaka 2010 haina msamaha kwa malipo hayo, wakati ile ya Marekani ya 1977 imeacha mwanya mwembamba kwa malipo ya kuharakisha huduma za kawaida za serikali. Makampuni mengi hukataza yote, na hapo kazi yako inakuwa nyepesi.

Kisha kuna "siri". Asili ilikuwa na ahadi mbili tofauti: kuripoti bila kujulikana, na kuripoti huku jina lako likihifadhiwa. Mimi niliandika "kwa siri" kote kuwili. Mama mmoja wa ghala akauliza, "Nikitaja jina, litaishia kwa nani?" Sikuwa na jibu. Nilikwenda kuwauliza wanaopokea taarifa, wakanitajia vyeo viwili, na vyeo hivyo ndivyo vilivyoingia kwenye sentensi, pamoja na angalizo kwamba sheria inaweza kulazimisha jina litolewe. Ahidi kilichopo tu. Katika zamu ya watu watatu, maelezo yenyewe yanaweza kukutaja hata usipoandika jina.

"Nia njema", ambayo sera ilimtaka anayeripoti awe nayo, niliitoa kabisa. Watu waliisikia kama moyo safi, kwamba ukiwa umegombana na bosi huna haki ya kusema. Nikaweka: "Huhitaji ushahidi. Inatosha uwe na sababu ya kuamini kuwa ni kweli. Kinachokatazwa ni kuripoti jambo unalojua ni uongo."

Sasa kabla rasimu haijafika kwa mwanasheria naipeleka kwa watu watano au sita wa kazi, nikiwa na visa vichache. Siwaulizi kama wameelewa, maana watasema ndiyo. Nawauliza: hiki kinaripotiwa au hakiripotiwi, na ni sentensi ipi iliyokuambia? Yule dereva nilimrudia na toleo jipya. Kisa cha vocha alikipata. Kisha akaniuliza, "Na kama mimi nimekataa, lakini wa zamu ya usiku akalipa, nami nimesikia tu?" Nikaitafuta sentensi ya kumwonyesha. Haikuwemo.