Ekstensheni smati ya sebuleni: kipi kikatwe, kipi kibaki

"TV, dekoda na sabufa nikivizima kwa rimoti bado vinakula umeme? Ekstensheni smati ivizime vyote?"

Ndiyo, vinakula, ila usivizime vyote: kata dekoda na sabufa tu. Kwangu nilipima soketi moja moja: TV ikiwa na taa nyekundu haifiki wati 1, dekoda ya zamani wati 9, sabufa wati 6. Anayeilaumu TV yuko sahihi kwa zile za chogo, si hizi bapa za sasa.

Wati hizo 15 kwa saa 18 ambazo hatuangalii zinafika uniti 8 kwa mwezi. Toa uniti 1 inayoliwa na ekstensheni yenyewe.

Kanuni niliyoweka: TV ikikaa chini ya wati 10 kwa dakika 15, soketi za dekoda na sabufa zinakatika, ikivuka wati 20 zinawaka. Kabla ya kulipa, hakikisha ekstensheni inapima kila soketi peke yake. Nyingi zinapima jumla tu, au hazipimi kabisa, na hapo utabaki na kukata kwa saa maalumu.

Ruta usiiweke kwenye soketi zinazokatwa. Mara ya kwanza niliiweka. Waifai ikapotea na ekstensheni ikawa haisikii amri kutoka kwenye simu, nikarudi kubonyeza kwa mkono. Dekoda nayo huchukua dakika mbili tatu kuamka, na kama unarekodi vipindi usiku iache iwake.

Na kama una friji, hiyo chomeka ukutani moja kwa moja.